Mfuko wa dharura wa ukoo: Pendekezo nililowaandikia ndugu zangu, na mwaka wake wa kwanza

MWEZI Machi 2023, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 17 alianguka kutoka juu ya mchikichi hapa Rumonge alipokuwa anakata ngazi. Mfupa wa paja ulivunjika. Hospitali aliyopelekwa mjini Bujumbura ilitaka dhamana ya faranga 450,000 kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji. Tulipiga simu kuanzia asubuhi hadi usiku. Huyu alisema mshahara haujatoka, yule alisema atatuma kesho, mwingine alizima simu. Fedha zilitimia siku ya tatu, na nyingi hazikuwa zetu: dada yangu alikopa faranga 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi.

Kijana alipona, ila mguu mmoja ni mfupi kidogo kuliko mwingine. Deni lilimalizika baada ya miezi minne. Riba peke yake ilikuwa faranga 120,000 kila mwezi, yaani 480,000 kwa miezi minne. Dada alirudisha jumla ya faranga 1,080,000, na ili azipate aliuza mavuno ya michikichi yake kabla hayajaiva, kwa nusu ya bei.

Mimi ni mwalimu, na kazi ya mwalimu ni kuandika na kuhesabu. Nilichukua daftari la shule la kurasa 48, nikaanza kuandika. Yaliyomo katika makala haya ni yale yaliyotoka katika daftari hilo: pendekezo nililowasomea ndugu zangu mwezi Agosti 2023, mabishano yaliyofuata, na jinsi mfuko ulivyokwenda katika mwaka wake wa kwanza, 2024. Nayaandika kwa sababu wasomaji wengi wana familia kama yangu, isiyokuwa na tajiri hata mmoja wa kukimbilia.

Hesabu kabla ya kanuni

Ukoo wetu una nyumba 14. Babu alikimbilia Tanzania mwaka 1972, na sisi wajukuu wengi tulizaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo. Mwaka 2008 ilipofunguliwa njia ya kuchagua kurudi au kuomba uraia wa Tanzania, wengine tulirudi na wengine wakabaki. Leo nyumba tisa ziko Burundi, kati ya Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura. Nyumba tano ziko ng'ambo, kati ya Mishamo na Kigoma.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuorodhesha dharura zote zilizotokea katika nyumba tisa za huku tangu Januari 2020 hadi Juni 2023. Zilikuwa nane: vifo vitatu na kulazwa hospitali mara tano. Karibu na kila tukio niliuliza swali moja tu: siku ile ya kwanza, kabla jua halijachwa, zilihitajika fedha ngapi?

Hapo niligundua kosa tulilokuwa tukilifanya. Tulikuwa tukidhani ya kwamba mfuko wa ukoo ni lazima uweze kulipa bili nzima ya hospitali, na kwa kuwa hatuwezi kukusanya mamilioni, basi tuliacha kukusanya chochote. Kumbe bili nzima haikuwa tatizo letu kubwa. Mgonjwa wa kituo cha serikali mwenye kadi ya msaada wa matibabu hupunguziwa sehemu kubwa ya gharama, mtumishi wa serikali ana mituweli yake, na tangu mwaka 2006 watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua hutibiwa bure. Kilichokuwa kinatuua ni fedha ya siku ya kwanza: dhamana ya kupokelewa, gari la kumbeba mgonjwa, dawa isiyopatikana hospitalini, jeneza. Fedha hiyo ikikosekana ndipo mtu humfuata mkopeshaji.

Katika matukio yale nane, fedha ya siku ya kwanza ilikuwa kati ya faranga 80,000 na 500,000. Sita kati ya nane hayakuzidi 400,000. Kwa hiyo nilipata kiwango cha juu cha kutoa: faranga 400,000. Matukio yalikuwa mawili hadi matatu kwa mwaka. Nikachukua matatu, kila moja nikaliwekea wastani wa 300,000, nikapata 900,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa nyumba tisa ni 100,000 kila nyumba, na ukigawanya tena kwa miezi 12 ni 8,333. Nikaiandika 10,000, ili kilichozidi kiwe akiba ya mwaka mbaya.

Msomaji aangalie jambo moja. Nyumba tisa zikitoa 10,000 kila mwezi, kwa mwaka ni faranga 1,080,000. Hiyo ndiyo jumla ile ile dada yangu aliyompelekea mkopeshaji. Mchango wa mwaka mzima wa ukoo tulikuwa tumekwisha kuutoa, ila tuliutoa kwa mtu wa nje.

Kanuni kumi nilizowasomea

Tulikutana Rumonge siku ya kuondoa matanga ya mjomba mmoja. Wazee walipomaliza yao, niliomba nusu saa. Pendekezo lilikuwa katika ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa sababu ndugu wa Mishamo wangelisoma pia, nami nikawaeleza wazee kwa Kirundi. Baada ya mabishano na masahihisho lilibaki hivi:

1. Mwanachama ni nyumba, si mtu. Nyumba ni wale wanaolala pamoja siku zote na kula chungu kimoja. Mwenye nyumba mbili hulipia mbili.

2. Kiingilio ni faranga 20,000 mara moja. Mchango ni faranga 10,000 kwa mwezi, kati ya tarehe 28 na tarehe 5. Anayeweza anaruhusiwa kulipa hadi miezi mitatu mbele.

3. Bibi na mjane asiyekuwa na mtoto mkubwa hawatoi mchango, lakini haki zao ni kamili.

4. Miezi mitatu ya kwanza fedha hazitoki.

5. Dharura ni mbili tu: kifo, na ugonjwa au ajali inayohitaji kulazwa. Kifo ni cha mtu wa nyumba, au cha mzazi wa mume au wa mke.

6. Kwa kifo hutolewa faranga 200,000, sawa kwa wote, na hazirudishwi.

7. Kwa kulazwa hutolewa zinazohitajika siku ya kwanza, zisizidi 400,000 wala nusu ya zilizomo mfukoni. Nyumba hurudisha nusu yake katika miezi sita, bila riba.

8. Aliyekosa mwezi mmoja ana haki kamili. Aliyekosa miwili hupata nusu. Aliyekosa mitatu husimamishwa mpaka alipe yote na mwezi mwingine upite.

9. Wanaokubali kutoa fedha ni watu watatu. Wawili wakisema ndiyo kwa simu, fedha hutoka saa hiyo hiyo. Anayehusika na dharura hapigi kura.

10. Mfuko haukopeshi kwa biashara, ada ya shule, mahari wala sherehe.

Mabishano yalipokuwa makali

Kanuni tatu zilileta kelele, na naamini zitaleta kelele katika ukoo wowote.

Ya kwanza ni ya wakwe. Kaka yangu mkubwa alisema mfuko ni wa damu ya babu, na kwamba baba mkwe ana ukoo wake. Shemeji zetu walinyamaza, lakini nyuso zao zilisema. Ndipo shangazi akauliza: "Mchango wa kila mwezi unatoka mfukoni mwa nani? Mkeo haendi sokoni?" Kweli, katika nyumba sita kati ya tisa ni wanawake ambao wangekuwa wanalipa, kutokana na mawese, mihogo au ndagala. Mtu hawezi kuchangia kila mwezi halafu siku anapofiwa na baba yake aambiwe yeye ni mgeni. Tulikubaliana mzazi wa mume na wa mke wawe sawa, na tukakata hapo hapo: kaka na dada wa wakwe hawamo. Bila ya kukata mahali fulani, dharura zingekuwa tatu kwa mwezi badala ya tatu kwa mwaka.

Ya pili ni kurudisha nusu. Wengine walitaka yote yarudishwe, wengine walitaka yasirudishwe kabisa. Nilitetea nusu kwa sababu hii: ukirudisha yote, huo ni mkopo, na nyumba iliyotoka kuuguza hubaki na deni lile lile lililotusumbua. Usiporudisha kitu, mfuko hukauka kwa wagonjwa wawili, na kila homa itaitwa dharura. Nusu humfanya mtu ajiulize kama kweli inahitajika, wala haimfilisi. Kwa kifo ni tofauti, kwa kuwa hakuna anayefiwa kwa makusudi. Kiasi kimoja kwa wote kinaondoa mashindano ya jeneza la nani lilikuwa zuri zaidi.

Ya tatu ni biashara. Mdogo wangu wa Bujumbura, ambaye ni mchuuzi, aliona ni upuuzi kulaza fedha wakati bei zinapanda kila siku. Alisema tununue mawese msimu wa mavuno mengi, tuyauze yakiadimika. Hoja yake si ya kijinga, maana faranga 10,000 ya mwaka juzi siyo ya leo. Lakini nilimkumbusha utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea nchini, ambavyo wengi wetu tumo. Ndani ya sanduku lile la kufuli tatu kuna fedha za hisa zinazokopeshwa, na kando yake kuna mfuko wa jamii usiochanganywa nazo. Sababu ni moja: mgonjwa hangojei mapipa ya mawese yauzwe. Aliyetaka kufanya biashara aliruhusiwa kuanzisha kikundi chake, mbali na mfuko.

Hata hivyo, hoja ya bei tuliijibu kwa njia mbili. Kila Januari tunaangalia sokoni Rumonge bei ya kilo tatu za maharage. Mchango wa mwezi usiwe chini ya hapo. Pia mfuko ukifika faranga 1,500,000, mchango unashuka kuwa nusu mpaka zitumike. Hakuna faida ya kurundika noti zinazopungua thamani.

Laini kwa huyu, namba ya siri kwa yule

Vifo vya mifuko mingi ya familia havitokani na umaskini. Hutokea kwa sababu fedha zote ziko kwa mtu mmoja, na siku moja mtu huyo ana shida zake. Si lazima awe mwizi. Anaazima kidogo akitegemea kurudisha, halafu mgonjwa anatokea.

Sisi tulifanya hivi. Faranga 100,000 hukaa taslimu katika sanduku nyumbani kwa mama mdogo, kwa ajili ya usiku ambapo wakala wa simu amefunga. Ufunguo uko kwa jirani yake, binti wa kaka. Fedha nyingine ziko katika laini ya Lumicash isiyotumika kwa kazi nyingine. Kadi ya laini anayo mama mdogo. Namba ya siri anaijua binti wa kaka peke yake. Nyumba zao zinatazamana, hivyo hata saa nane za usiku wanaweza kukutana. Mimi nina daftari, wala sigusi fedha. Sisi watatu ndio wenye kura.

Laini ya simu husajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Akifariki, fedha zilizomo zinaonekana ni mali yake, na warithi wanaweza kuzidai. Kwa hiyo tuliandika barua moja inayosema kwamba fedha za namba ile ni za nyumba tisa, tukaisaini wote, mama mdogo na watoto wake wakiwa wa kwanza. Nakala zilikuwa tatu.

Kila tarehe 6 ya mwezi naupiga picha ukurasa wa daftari na kuutuma kwa simu kwa nyumba zote: nani ametoa, nani hajatoa, kiasi gani kimo. Siandiki neno lolote la lawama. Picha yenyewe inatosha.

Upande wa pili wa mpaka

Ndugu zetu wa Mishamo na Kigoma walitaka kuwemo katika mfuko mmoja. Nilikataa, na nilieleweka vibaya kwa wiki kadhaa. Sababu yangu ilikuwa bei ya kubadilisha fedha. Kuna bei ya benki na kuna bei ya mtaani, na tofauti yake ni kubwa. Shilingi zikivuka, utaandika katika daftari kwa bei ipi? Ukitumia ya benki, wa Tanzania wataona wamepunjwa. Ukitumia ya mtaani, itabadilika kila wiki. Tena kila mara fedha zinapovuka kuna anayekata chake.

Tulichofanya ni mifuko miwili yenye kanuni zile zile. Wao wana sanduku lao la shilingi Kigoma, nyumba tano kwa shilingi 10,000 kila mwezi. Fedha hazivuki mpaka. Lakini mtu wetu akiugulia Kigoma, mfuko wao unamhudumia kama wao. Na mtu wao akiugulia huku, sisi vivyo hivyo. Katika daftari hatuandiki deni la faranga wala shilingi. Tunaandika tukio moja kwa tukio moja.

Mwaka wa kwanza kwa tarakimu

Januari 2024 nyumba tisa zilitoa kiingilio, jumla faranga 180,000, na michango ikaanza. Aprili mwaka huo Ziwa Tanganyika lilifurika kuliko kawaida. Maji yaliingia katika mitaa ya kando ya ziwa hapa Rumonge, na nyumba ya mjomba wangu mvuvi ilikuwa mojawapo.

Hapo pendekezo langu lilionekana lina tundu. Nilikuwa nimeorodhesha dharura zilizopita tu; nyumba kuingiliwa na maji haikuwahi kututokea, kwa hiyo haikuwemo. Tulipigiana simu siku mbili tukaongeza katika kanuni ya tano: nyumba kuungua, kubomoka au kufurika, faranga 200,000 kama za kifo. Nilijifunza kwamba aandikaye orodha aulize pia majirani yaliyowapata, si familia yake peke yake.

Lakini tundu la pili lilikuwa gumu zaidi. Mjomba alikuwa hajalipa Machi wala Aprili. Wavuvi wa ndagala huvua usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa hukaa nchi kavu. Tarehe 5 mara nyingine humkuta hana kitu. Kwa kanuni ya nane, haki yake ilikuwa nusu, yaani faranga 100,000. Na huyu ndiye mjomba aliyetupokea mwaka 2008 tuliposhuka na mabegi yetu, tukalala kwake miezi saba.

Mama yangu alinipigia simu akalia. Alisema kama daftari langu halimkumbuki mjomba, basi nilichome. Sikulala usiku ule. Asubuhi niliwaambia wenzangu wawili tutoe 100,000 kama kanuni inavyosema, kisha kila mmoja ampelekee mjomba chake kutoka mfukoni mwake, bila ya kupitia daftarini. Mimi nilitoa 50,000, mama mdogo 30,000 na gunia la mihogo. Zilizopatikana kwa njia hiyo zilizidi 100,000. Mjomba alipata kuliko haki yake kamili, na mfuko haukuvunjwa. Tungemlipa kamili kutoka mfukoni, mwezi uliofuata nusu ya nyumba zisingelipa, na zingekuwa na haki ya kusema: mbona mjomba?

Baadaye tulirekebisha jambo moja kwa ajili yake. Mvuvi sasa analipa wakati wowote ndani ya mwezi, badala ya tarehe 28 hadi 5. Madeni yake ya miezi miwili aliyalipa Agosti.

Kwa hiyo hadi mwisho wa Aprili zilikuwa zimeingia 520,000, zikatoka 100,000, zikabaki 420,000. Mei na Juni ziliongeza 180,000, tukawa na 600,000.

Mwanzoni mwa Julai, saa tatu za usiku, mke wa kaka alipatwa na maumivu makali ya tumbo. Ilikuwa kidole tumbo, na ilibidi apasuliwe. Hospitali ilitaka dhamana ya faranga 200,000, na gari lilitaka 40,000, kwani mafuta yalikuwa adimu. Nusu ya mfuko ilikuwa 300,000, hivyo 240,000 ziliruhusiwa. Kaka alinipigia saa tatu na dakika kumi. Niliwapigia wenzangu wawili. Saa nne kasoro dakika tano 40,000 za gari zilikuwa zimetoka sandukuni na dhamana imetumwa kwa simu. Mgonjwa alipasuliwa usiku ule ule. Nilikumbuka siku tatu za mpwa wangu.

Bili yote, baada ya kadi kupunguza, ilikuwa faranga 310,000. Ile dhamana ya 200,000 ilihesabiwa humo, wakabaki kudaiwa 110,000, ambazo kaka alizilipa kwa kuuza mawese sokoni kwa bei ya siku, bila ya kuyauza yakiwa bado mtini. Mfukoni alitakiwa kurudisha 120,000, na kuanzia Agosti amekuwa akirudisha 20,000 kila mwezi.

Septemba mdogo wangu mwingine aliomba 150,000 za ada ya mtoto. Tulikataa watatu wote. Alikasirika, akasema tunalinda noti kuliko watoto. Hakulipa Oktoba, Novemba alilipa miezi yote miwili. Novemba hiyo hiyo bibi yetu alifariki. Hakuwahi kutoa hata faranga moja, kama kanuni ya tatu ilivyosema, na 200,000 zake zilitoka kabla ya mchana. Jeneza lilinunuliwa kwa taslimu.

Mwisho wa Desemba 2024 daftari lilifungwa hivi. Baada ya Julai zilibaki 360,000. Michango ya miezi sita iliongeza 540,000, madeni ya mjomba 20,000, marejesho ya kaka 100,000. Zilitoka 200,000 za bibi na 15,000 za makato ya simu kwa mwaka mzima. Zikabaki faranga 805,000.

Mahali mfuko huu unapokomea

Ndugu wengine watauliza kama faranga 400,000 zinatosha. Kwa figo, saratani au matibabu ya nje ya nchi hazitoshi, na ni vizuri hilo lisemwe siku ya kwanza ili asitokee wa kudai. Kwa magonjwa hayo bado tutaitana na kuchangishana kama zamani. Tofauti ni kwamba tutaitana mgonjwa akiwa amekwisha kupokelewa, hatakuwa amelala kwenye benchi la nje.

Anayetaka kujua kama mfuko wake unaanza kufa aangalie daftari, asisubiri ugomvi. Sisi tuna dalili tatu tunazoziangalia: nyumba mbili au zaidi zinakosa mwezi ule ule, picha ya tarehe 6 inachelewa, au mtu anaomba alipe madeni siku ile ile anayoomba msaada. Hii ya mwisho ndiyo kanuni ya nane iliwekwa kuizuia. Anayelipia mlangoni pa hospitali hajachangia, amenunua fedha za wenzake kwa bei rahisi.

Januari 2025 tulikutana tena kupitia kanuni. Mjomba alikuja na samaki. Kabla ya kuanza aliniomba daftari, akafungua ukurasa wa Aprili, akaisoma ile 100,000 kwa sauti mbele ya watu wote. Kisha akasema ile kanuni ya nane isiguswe. Haikuguswa. Mama yangu hakusema kitu, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa mwezi ule.